Irabu ya Ziada: Jinsi Silabi ya Kiswahili Inavyopokea Maneno ya Mkopo

Silabi ni kipande cha neno kinachotamkwa kwa mkupuo mmoja. Neno *baba* lina silabi mbili, *ba-ba*, na neno *safari* lina tatu, *sa-fa-ri*. Kila silabi ina kiini, na karibu siku zote kiini hicho ni irabu, yaani sauti kama *a*, *e*, *i*, *o* na *u* ambazo hutoka kinywani bila hewa kuzuiwa. Konsonanti hukaa pembeni mwa kiini: zinaweza kukitangulia, zinaweza kukifuata, au vyote viwili. Silabi inayoishia kwa irabu huitwa silabi wazi. Inayoishia kwa konsonanti huitwa silabi funge.

Lugha zote zina silabi, ila kila lugha ina masharti yake kuhusu silabi inayokubalika. Kiingereza ni kikarimu sana: kinaruhusu konsonanti hadi 3 kabla ya irabu na hadi 4 baada yake. Kiarabu cha fasihi hakitaki konsonanti mbili mwanzoni mwa silabi, lakini kinakubali silabi funge, na mwishoni mwa neno kinaweza kuweka hata konsonanti mbili zilizoshikana. Kijapani kinabana zaidi: konsonanti moja, kisha irabu, na kitu pekee kinachoweza kusimama mwishoni mwa neno baada ya irabu ni sauti ya *n*. Neno linapotoka katika lugha moja na kuingia katika nyingine, husafiri na sauti zake lakini huacha nyuma masharti ya kwao. Hapo ndipo hitaji la irabu ya ziada linapozuka.

Masharti ya Kiswahili

Katika maneno yake yenye asili ya Kibantu, Kiswahili kina aina chache tu za silabi. Iliyo nyingi zaidi ni ya konsonanti moja na irabu moja, ile inayosomeshwa watoto wa shule kwa kuimba *ba, be, bi, bo, bu*. Kuna silabi ya irabu peke yake, kama zote mbili zilizomo katika *ua*. Kuna silabi ambazo konsonanti hufuatwa na *w* au *y*, kama *mwa* katika *mwana*. Zipo pia zile zinazoanza kwa sauti ya puani iliyoshikamana na konsonanti nyingine, kama *nde* katika *ndege* na *mbe* katika *ng'ombe*. Hapo *nd* na *mb* huhesabiwa kama sauti moja.

Aina ya mwisho ni ya pekee. Ni sauti ya puani inayojitegemea bila irabu, kama *m* katika *m-tu* na *n* katika *n-chi*. Mbali na hiyo, kila silabi ya asili katika Kiswahili ni silabi wazi. Kwa sababu hiyo, neno la Kibantu katika Kiswahili haliishii kwa konsonanti.

Sasa linakuja neno la Kiarabu ambalo katika usemi huishia kwa *b*: *kitab*. Silabi ya kwanza, *ki*, haina tatizo. Ya pili, *tab*, imefungwa. Kuna njia mbili za kulitatua jambo hili. Ya kwanza ni kuitupa *b* na kubaki na *kita*. Ya pili ni kuipa *b* irabu yake ili iwe silabi kamili. Njia ya kwanza hupoteza sehemu ya neno, na neno fupi likipunguzwa hivyo hufanana upesi na mengine. Njia ya pili huhifadhi kila sauti iliyokuja na neno na kuongeza moja isiyo na maana yoyote. Kiswahili karibu kila mara huchagua njia hii ya pili, na ndiyo iliyoleta *kitabu*. Wanaisimu huiita uchopekaji wa irabu.

Kwa nini *u* hapa na *i* pale

Irabu inayochopekwa haichaguliwi ovyo. Jambo hilo huonekana maneno yakipangwa makundi mawili. Katika kundi la kwanza kuna *kitabu*, *kalamu* na *sharifu* kutoka Kiarabu, pamoja na *klabu*, *timu*, *balbu* na *stempu* kutoka Kiingereza. Yote yamepata *u*. Katika kundi la pili kuna *habari*, *safari*, *sabuni* na *baridi* kutoka Kiarabu, pamoja na *basi*, *tiketi*, *goli* na *kadi* kutoka Kiingereza. Yote yamepata *i*.

Tofauti ya makundi haya imo katika konsonanti inayotangulia. Maneno ya kundi la kwanza yalikuwa yanaishia kwa *b*, *p*, *m* au *f*, sauti ambazo hutamkwa kwa midomo. Irabu *u* nayo hutamkwa kwa midomo iliyokusanywa na kuviringwa. Midomo ikishafanya kazi ya *b* au *m*, *u* ndiyo irabu iliyo karibu zaidi nayo. Maneno ya kundi la pili yalikuwa yanaishia kwa *t*, *d*, *s*, *n*, *l* au *r*, sauti ambazo ncha ya ulimi huzitengeneza sehemu ya mbele ya kinywa. Irabu *i* nayo hutamkwa ulimi ukiwa mbele na juu. Kila konsonanti, kwa maneno mengine, hujivutia irabu ya jirani.

Sauti *k* haimo katika makundi haya mawili, kwa kuwa hutengenezwa nyuma ya kinywa. Hata hivyo nayo kwa kawaida hupata *i*: *haki*, *benki*, *keki*. Hii inaonyesha kwamba *i* ndiyo irabu ya kawaida ya kuchopeka katika Kiswahili, na *u* huja pale tu panapokuwa na sababu ya kuiita. Sababu mojawapo ni midomo. Nyingine ni irabu ya *u* iliyomo tayari ndani ya neno, ambayo huweza kujirudia mwishoni. Ndiyo maana *buk* ya Kiingereza imekuwa *buku*, ingawa *k* yenyewe haihusiki na midomo.

Kwamba irabu zinazochopekwa mwishoni ni *i* na *u*, na *a* haisikiki sana katika kazi hiyo, nako kuna maelezo. Katika kutamka *i* na *u* kinywa hakifunguki sana, na sauti yake ni fupi na hafifu kuliko ya *a*. Irabu ambayo haikuwamo katika neno la asili inafaa iwe ile itakayolibadilisha neno kwa kiasi kidogo kabisa.

Kuna maelezo mengine yanayotolewa mara kwa mara kuhusu maneno ya Kiarabu. Kiarabu cha fasihi huongeza *u*, *a* au *i* mwishoni mwa nomino kulingana na kazi yake katika sentensi, na wengine husema kwamba *u* ya *kitabu* ilitoka huko. Maelezo hayo yakipimwa hayasimami vizuri. Kama *kitabu* ingekuwa imebeba alama ya Kiarabu ya kiima, basi *khabar* nayo ingetarajiwa kuwa *habaru*, na *safar* kuwa *safaru*. Tena maneno ya Kiingereza, lugha isiyokuwa na viambishi vya aina hiyo, yamegawanyika vilevile: *u* baada ya sauti za midomo, *i* baada ya nyingine. Lugha mbili zisizo na uhusiano haziwezi kuwa zimetoa mgawanyo ule ule kwa bahati. Mgawanyo huo ni wa Kiswahili chenyewe.

Konsonanti mbili mwishoni: mfano wa *kaburi*

Kazi huongezeka neno linapoishia kwa konsonanti mbili. Mfano mzuri ni *kabr* ya Kiarabu. Irabu moja ikiongezwa mwishoni, neno huwa *kabri*. Sauti *r* imepata silabi yake, lakini *b* bado imebanwa. Haiwezi kufunga silabi ya kwanza, *kab*, wala haiwezi kuungana na *r* kufanya *bri*, kwani Kiswahili cha asili hakina mwanzo wa namna hiyo. Inahitajika irabu ya pili. Kwa vile *b* ni sauti ya midomo, inapata *u*. Kwa vile *r* ni ya ncha ya ulimi, inapata *i*. Jumla yake ni *ka-bu-ri*, silabi tatu zilizo wazi kutoka katika neno lililokuwa na silabi moja. Kanuni ile ile imefanya kazi mara mbili ndani ya neno moja, kila mara kwa kuitazama konsonanti iliyo mbele yake.

Mara nyingine irabu ya katikati haiitazami konsonanti bali hunakili irabu ya silabi ya kwanza. *Wakt* imekuwa *wakati*, *bahr* imekuwa *bahari*, *rizk* imekuwa *riziki*, na *hukm* imekuwa *hukumu*. Katika hili la mwisho sababu zote mbili zinaelekea upande mmoja, kwani *u* imo katika silabi ya kwanza na *m* ni sauti ya midomo.

Hapa tahadhari inahitajika. Lahaja nyingi za Kiarabu cha mazungumzo nazo hazipendi konsonanti mbili mwishoni mwa neno, na wasemaji wake huzitenganisha kwa irabu. *Bahr* kwa wengi wao husikika kama *bahar*. Kwa hiyo baadhi ya irabu za katikati huenda zilikuwamo tayari vinywani mwa wafanyabiashara na mabaharia walioleta maneno hayo pwani. Irabu ya mwisho ndiyo ambayo ni dhahiri iliongezwa na Kiswahili.

Yapo pia maneno yasiyotii utaratibu wowote kati ya hizi mbili. *Film* ya Kiingereza ilitarajiwa iwe *filimu*, na wako wanaosema hivyo, lakini umbo lililoenea ni *filamu*. Kanuni za uchopekaji huonyesha mwelekeo wa maneno mengi, wala haziwezi kutabiri kila neno moja moja.

Konsonanti mbili mwanzoni

Kwa kuwa Kiarabu hakianzi neno kwa konsonanti mbili, tatizo hili limeletwa zaidi na lugha za Ulaya. Neno la Kireno la kanisa, *igreja*, lilipoteza irabu yake ya kwanza, na *gr* iliyobaki mwanzoni ikatenganishwa kwa kunakili irabu inayofuata: *ge-re-za*. Jambo hilo hilo limetokea katika *dereva*, neno lililotoka Kiingereza, ambapo *dr* imetenganishwa kwa *e* inayoifuata. Kireno kwa ujumla hakikuhitaji matengenezo mengi, kwa sababu maneno yake mengi tayari huishia kwa irabu, kama *meza* na *kopo*.

Makundi yanayoanza kwa *s* yana tabia ya peke yake, na lugha mbalimbali zimeyashughulikia kwa namna tofauti. Kiswahili sanifu kimeyaacha kama yalivyo: *stesheni*, *spika*, na *skuli* ambayo ndiyo neno la kawaida Zanzibar. Kichewa cha Malawi kimeingiza irabu katikati na kupata *sukulu*. Kikuyu kimefanya hivyo hivyo na kubadilisha sauti nyingine mbili juu yake, kikapata *thukuru*. Kihispania chenyewe huweka irabu mbele kabisa: neno la Kiingereza *stres*, yaani msongo wa mawazo, huko ni *estres*. Sababu ya tofauti hii ni silabi tena. Kihispania kinaruhusu *s* kufunga silabi, kwa hiyo *es-tres* ni mgawanyo halali. Kichewa na Kikuyu haviruhusu *s* ifunge silabi, na kuweka irabu mbele kungeiacha *s* bila makazi.

Je, irabu huongezwa mdomoni au sikioni?

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mkopaji huliisikia neno la kigeni sawasawa, kisha mdomo unashindwa kulitamka. Mwaka 1999 Emmanuel Dupoux na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio yaliyotia shaka dhana hiyo. Walitengeneza maneno yasiyo na maana, mfano *ebuzo*, wakaifupisha *u* hatua kwa hatua katika rekodi mpaka ikatoweka kabisa na kubaki *ebzo*. Wasikilizaji wa Kijapani na wa Kifaransa waliulizwa kama kulikuwa na irabu kati ya *b* na *z*. Wafaransa, ambao lugha yao inaruhusu silabi funge, walikana kadiri irabu ilivyopungua. Wajapani mara nyingi waliendelea kusema kwamba *u* ipo hata katika rekodi ambayo haikuwa nayo.

Maana yake ni kwamba sikio nalo limefundishwa na silabi za lugha ya kwanza. Mtu aliyekulia katika lugha ya silabi wazi huweza kuisikia irabu kati ya konsonanti mbili kabla hajafungua kinywa. Hii husaidia kueleza kwa nini uchopekaji hutokea bila mtu kuamua, na kwa nini wasemaji wengi huufanya kwa namna moja bila kuelekezana.

Irabu wanayoisikia Wajapani ni *u*, kwa kuwa ndiyo fupi kuliko zote katika lugha yao, na ndiyo wanayoichopeka kwa kawaida. Isipokuwa baada ya *t* na *d* hutumia *o*, kwani *tu* ya Kijapani hugeuka kutamkwa *tsu*, jambo ambalo lingeibadilisha konsonanti yenyewe. Neno la Kiingereza *straik*, lenye silabi moja tu, kwao ni *su-to-ra-i-ku*, mapigo matano. Lugha mbili zenye silabi wazi, Kiswahili na Kijapani, zinakubaliana kwamba irabu inahitajika, lakini kila moja huichukua ile iliyo nyepesi zaidi kwake.

Irabu ya ziada inapopata kazi

Irabu iliyochopekwa haina maana, lakini ikishaingia huhesabiwa kama nyingine yoyote. Kwanza, huamua mahali pa mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika *kitab* ya Kiarabu mkazo uko kwenye silabi ya mwisho. Baada ya *u* kuongezwa, silabi hiyo hiyo imekuwa ya pili kutoka mwisho, na mkazo haukuhama. Katika neno la Kiingereza *tiket* mkazo uko mwanzoni. Katika *tiketi* umelazimika kusogea hadi *ke*.

Pili, irabu hiyo inaweza kuliingiza neno katika ngeli. *Klab* ikitamkwa kwa irabu katikati ya *k* na *l* huwa *kilabu*. Silabi ya kwanza sasa inafanana na kiambishi *ki-* cha *kitu* na *kisu*, na wasemaji wameichukua hivyo: wingi ni *vilabu*. Hata walio na mazoea ya kuandika *klabu* katika umoja huandika *vilabu* vya mpira katika wingi bila kusita. Kisa cha *digadi*, kipande kinachozuia matope ya gurudumu, ni cha namna hiyo hiyo. Neno la Kiingereza *madgad* lilipochopekwa *i* mara mbili lilikuwa *ma-di-ga-di*. *Ma* ya mwanzo ikasikika kama kiambishi cha wingi, ikaondolewa, na umoja ukawa *digadi*. Bila irabu ya kwanza ya ziada silabi ingekuwa *mad*, na hakuna ambaye angeona wingi ndani yake.

Mipaka ya kanuni

Kiswahili cha leo kina silabi funge, na zote zimekuja na mikopo: *lab-da*, *mak-ta-ba*, *ras-mi*, *dak-ta-ri*. Zinapatikana katikati ya neno, ambapo konsonanti mbili zinaweza kugawana silabi mbili, na zilidumishwa na watu waliojua Kiarabu au waliosoma. Hata hivyo shinikizo la silabi wazi halijaisha. Maneno kadhaa yana maumbo mawili, moja lenye irabu ya kati na moja bila, kama *fikra* na *fikira*, *sharti* na *sharuti*. Na katika usemi wa watu ambao lugha zao za kwanza za Kibantu hazina silabi funge kabisa, husikika *labuda* na *dakitari*. Irabu zenyewe zimefuata kanuni ile ile: *u* baada ya *b*, *i* baada ya *k*.

Majina ya watu yanaonyesha hali hiyo kwa uwazi zaidi, kwa sababu huandikwa kwa namna zote mbili. Salim ni Salimu, Yusuf ni Yusufu, Rashid ni Rashidi, na Hamis ni Hamisi. Sauti za midomo zimepata *u* na za ncha ya ulimi zimepata *i*, bila mwandishi wa cheti kuhitaji kufundishwa.

Mwanzo wa neno ndio uliolegea zaidi. Maneno ya siku hizi kama *treni*, *breki*, *plastiki* na *blogu* yameingia na konsonanti zake mbili za mwanzo bila kutenganishwa, kwa vile wasemaji wengi sasa wanajifunza Kiingereza mapema na wamezizoea. Mwisho wa neno haujalegea kwa kiasi hicho. Kila moja kati ya maneno hayo manne linaishia kwa irabu, na yote manne yameongezewa irabu ambayo Kiingereza hakina. Neno linaweza kubaki na mwanzo wa kigeni, lakini ili litumike kama neno la kawaida la Kiswahili, aghalabu hutakiwa kufunguka mwishoni.